Barua kwa Meneja Wangu: Yanayodhaniwa Kuhusu Selimundu, na Yaliyo Kweli

Ndugu Meneja,

Yah: Ombi la kurekebishiwa mazingira ya kazi ninapopatwa na mashambulio ya selimundu

Naandika barua hii kwa sababu mengi yanasemwa kuhusu ugonjwa wangu hapa kazini, na mengine yamefika mezani kwako kabla yangu. Nimeyapanga kwa namna ninavyoyasikia, na baada ya kila moja nimeeleza ukweli wake, ili uamuzi wako juu ya maombi yangu usimame juu ya ukweli huo.

Husemwa: "Jana alikuwa mzima kabisa, leo anasema hawezi kuamka. Anasingizia."

Ukweli ni kwamba ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Nilizaliwa nao, nikiwa nimerithi vinasaba vya selimundu kutoka kwa baba na mama, ambao wao wenyewe hawaumwi. Himoglobini yangu, yaani ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, ina kasoro: inapoachia oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hupinda ikawa kama mundu. Chembe za namna hiyo hunasa katika mishipa midogo, damu haipiti, na mfupa au kiungo kilicho mbele yake hukosa oksijeni. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na sisi wagonjwa huyaita krisisi. Mtu anaweza kulala salama na kuamka usiku wa manane akiwa hawezi kugeuka kitandani, kwa kuwa mshipa hauhitaji siku nyingi kuziba.

Kuna mwenzetu mmoja alikuja kunitazama wodini, akanikuta nimeshika simu nikicheka, akarudi na habari kwamba sikuwa naumwa. Simlaumu. Lakini mtu aliyeishi na maumivu tangu utotoni hujifunza kuyakimbiza mawazo pembeni, na kicheko hicho kilitoka nikiwa kwenye dripu, baada ya sindano ya mofini niliyokuwa nimechomwa muda mfupi kabla. Tena hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha kwamba mtu yuko ndani ya krisisi au hayumo. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaweza kuwa vya kawaida, naye anaumia vibaya. Daktari mwenyewe hutegemea maelezo ya mgonjwa.

Husemwa: "Avumilie mpaka zamu iishe, ndipo aende hospitali."

Hili ndilo lililonisukuma kuandika, na naomba unisamehe nikilieleza kwa kirefu.

Siku ile ya kuhesabu mali, nilianza kuhisi uzito kiunoni yapata saa nne asubuhi. Hayakuwa maumivu bado. Ni ile dalili ninayoifahamu, kama mtu amekuwekea jiwe mgongoni. Meza yangu iko chini kabisa ya kiyoyozi, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja tu cha maji kwa kuwa kazi ilitubana. Baridi huifanya mishipa isinyae, na maji yakipungua mwilini damu huwa nzito, chembe nazo hukauka na kupinda upesi zaidi. Laiti ningeondoka saa ile, nikanywa maji ya kutosha, nikameza dawa za maumivu alizonipangia daktari, nikajifunika na kulala, huenda ningerudi kazini siku iliyofuata. Siwezi kuapa kwamba ingekuwa hivyo, maana mara nyingine krisisi huendelea hata ukifanya yote hayo. Lakini saa zile za mwanzo ndizo pekee ambazo mimi mwenyewe naweza kufanya jambo.

Niliomba ruhusa, nikaambiwa nimalize rafu mbili zilizobaki. Saa sita maumivu yalikuwa yameshuka mapajani. Saa nane sikuweza kusimama, na wenzangu wawili walinibeba hadi kwenye gari. Nililazwa siku sita. Kazi ya saa chache iliokolewa, na zikapotea siku sita.

Kuna hatari nyingine ambayo naomba kila msimamizi wa zamu aijue. Nikiwa na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au nikianza kuumwa kifua na kupumua kwa shida, au nikilegea upande mmoja wa mwili, hapo hakuna kulala wala kusubiri. Ni hospitali mara moja. Bandama ya wengi wetu huharibika tangu utotoni, na maambukizi hutuzidi haraka. Matatizo ya mapafu yanaweza kuua, na kulegea upande mmoja huenda kukawa kiharusi.

Husemwa: "Anakwenda chooni kila mara, anakwepa kazi."

Selimundu huharibu taratibu sehemu ya figo inayorudisha maji mwilini. Kwa hiyo mkojo wangu huwa mwingi na mwepesi hata nikiwa na kiu, na maji ninayopoteza lazima niyarudishe kwa kunywa. Nikijizuia kunywa ili nisionekane nikiinuka, najitengenezea krisisi kwa mikono yangu mwenyewe. Nimewahi kufanya hivyo wiki nzima, kwa aibu tu.

Husemwa: "Macho yake ni ya manjano, atatuambukiza."

Hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa mkono, si kwa choo. Chembe zangu nyekundu huishi kiasi cha siku 10 hadi 20, ilhali za mtu asiye na ugonjwa huu huishi takriban siku 120. Zinapovunjika hutoa rangi ya manjano, nayo hujikusanya machoni.

Husemwa: "Dawa zipo, na akiruhusiwa hospitali amepona."

Natumia haidroksiurea kila siku, nayo imepunguza krisisi zangu kwa kiasi kikubwa, lakini haizimalizi. Kuruhusiwa nako maana yake ni kwamba maumivu yamefika kiwango ambacho vidonge vinaweza kuyatuliza nyumbani. Siku za kwanza mwili huwa dhaifu na dawa kali huleta usingizi. Nikipanda ngazi nikiwa na masanduku siku hiyohiyo ninayorudi, ni rahisi kuangukia krisisi nyingine.

Kwa hayo, naomba mambo manne. Nihamishwe kutoka chini ya kiyoyozi. Niruhusiwe kukaa na chupa ya maji mezani na kwenda chooni bila kuomba. Nikitoa taarifa kwamba dalili zimeanza, niondoke saa ileile, na cheti cha daktari nikilete baadaye pale tu nitakapokuwa nimetibiwa hospitali, kwa kuwa krisisi ndogo niliyoituliza nyumbani haitakuwa na cheti. Na ninaporudi baada ya kulazwa, siku tatu za kwanza nifanye nusu siku, kazi ya kukaa.

Saa nitakazopungukiwa niko tayari kuzifidia nikiwa na nguvu, au zikatwe kwenye likizo yangu, kwa namna utakayoona inafaa. Daktari wa kliniki yangu amekubali kuandika barua ya kuthibitisha hali yangu, nami nitaileta pamoja na karatasi moja yenye dalili za hatari na namba ya simu ya dada yangu, ambayo ningependa ibandikwe ndani ya droo ya msimamizi wa zamu, si ukutani.

Wako katika kazi,

Karani wa ghala, zamu ya asubuhi