Kuhamishia magemu ya Steam kwenye diski ya pili bila kuyapakua upya

Kwa mtu wa Nyamagana au Ilemela anayepakua gemu la GB 40 kwa bando la simu, kulipakua tena kisa diski C imejaa ni hasara isiyo ya lazima. Gemu linahamishika, mradi Steam ijue lilikohamia.

Kagua kwanza diski mpya. Ikiwa imefomatiwa FAT32, haitapokea faili linalofika GB 4, na magemu mengi yana mafaili makubwa kuliko hapo. Ifomati kwa NTFS kabla ya kuweka chochote, kwa sababu kufomati hufuta vyote vilivyomo. Kisha fungua Steam, Settings, Storage, uiongeze diski hiyo ili folda ya SteamLibrary iundwe.

Kama umeme ni wa uhakika, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, Installed Files, halafu Move install folder. Steam inamaliza yenyewe.

Umeme ukiwa wa kukatika-katika, ni salama zaidi kunakili kwa mkono, maana gemu la awali linabaki palepale hadi uhakikishe nakala. Tuchukue Counter-Strike 2. Namba yake Steam ni 730, na folda yake bado ina jina la zamani, Counter-Strike Global Offensive, usilibadilishe. Funga Steam kabisa kwa Exit, kisha andika kwenye Command Prompt, kwa mstari mmoja:

```
robocopy "C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common\Counter-Strike Global Offensive" "D:\SteamLibrary\steamapps\common\Counter-Strike Global Offensive" /E
```

Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile: mafaili yaliyokamilika yatarukwa. Kwa USB 2.0 inayosukuma takribani MB 30 kwa sekunde, GB 40 huchukua kama dakika 22.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wananakili folda ya gemu na kuliacha faili dogo linaloitwa appmanifest_730.acf, lililo ndani ya steamapps, nje ya common. Hilo ndilo linaloiambia Steam kwamba gemu limeshawekwa na liko wapi. Likibaki C, Steam itaendelea kulitafuta gemu huko. Likate, ulibandike kwenye D:\SteamLibrary\steamapps.

Washa Steam, rudi Installed Files, uchague Verify integrity of game files. Faili lililoharibika ndilo litakalopakuliwa peke yake. Ukiona kitufe cha Install badala ya Play, usiogope: kibofye, chagua diski D, na Steam itayakagua mafaili yaliyopo kabla ya kupakua yanayokosekana. Ila tazama kiasi cha data kinachopakuliwa. Kikianza kukimbilia GB 40, sitisha mara moja. Jina la folda limekosewa au iko mahali pasipo pake.

Folda ya C ifute baada ya gemu kufunguka na kuchezeka kutoka D. Mafaili ya hatua ulizofikia mara nyingi huwa Documents au AppData, kwa hiyo usiyaguse.