Sekunde sita za mama wa Kiyindi: kupanga manukuu ya Kiswahili yanayosomeka

Kazi iliyo mezani wiki hii ni mahojiano ya dakika kumi na mbili na mama anayeuza mukene Kiyindi, kwenye mwalo ulioko Buikwe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Anaongea Kiganda, haraka, na mikono haitulii. Video itatazamwa Kampala, lakini pia Mwanza na Kisumu, kwa hiyo mteja anataka manukuu ya Kiswahili, yale maandishi yanayopita chini ya picha mtu akiongea. Amenitumia na maandishi ya Kiingereza "yakusaidie kwenda haraka".

Maandishi hayo niliyaweka pembeni, na sababu utaiona kwenye faili moja niliyowahi kuletewa nisahihishe. Mvuvi alisema kwa Kiganda kwamba mitumbwi hutoka "ssaawa emu" jioni. Kiganda na Kiswahili huhesabu saa kwa namna moja, kuanzia jua linapochomoza na linapotua, kwa hiyo hiyo ni saa moja jioni, basi. Lakini aliyetafsiri alifanya kazi kutoka kwenye Kiingereza, akaiona namba saba, akaandika saa saba. Mtazamaji anasoma kwamba mitumbwi inatoka saa saba huku kwenye picha jua ndio kwanza linazama. Tangu hapo nafuata sauti tu. Mtu anayekijua Kiganda cha upande huo huandika kwanza alichosikia, neno kwa neno, pamoja na vigugumizi vyote, nami natafsiri kutoka hapo sauti ikiwa masikioni. Kiingereza nakifungua mwishoni, kuhakiki majina ya watu na mahali.

Neno mukene lenyewe nimeliandika "dagaa". Mganda atajua ni nini kwa kuwa anamwona samaki mwenyewe kwenye picha, na mtu wa Mwanza hatakwama.

Sasa twende kwenye muda, maana hapo ndipo manukuu mengi ya Kiswahili yanapoharibika hata kama tafsiri ni safi. Kipimo kinachotumika ni idadi ya herufi kwa sekunde. Wapo wanaohesabu maneno kwa dakika, kipimo kilichozoeleka kwenye Kiingereza, lakini kwetu kinadanganya. "Hawakutuambia" ni neno moja tu kwa hesabu hiyo, na bado jicho lina herufi kumi na tatu za kupita, na ndani yake kuna ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa. Ukihesabu maneno utajiona uko salama huku msomaji anahema.

Kwa watu wazima, wengi tulio kwenye kazi hii tunachukua herufi 17 kwa sekunde kuwa kikomo cha juu, mistari isizidi miwili, na kila mstari usizidi herufi 42. Nukuu moja isikae chini ya sekunde moja hivi, wala isipite sekunde saba, kwa sababu ikikaa mno mtu anaanza kuisoma upya. Kwa video za Uganda mimi nashuka hadi 14. Kiswahili hapa ni lugha rasmi ya pili tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na watu wengi wanakisikia sokoni, kambini na barabarani, lakini kukisoma si desturi ya kila siku. Anayekielewa vizuri kwa sikio anaweza kuwa mzito kwa jicho. Hicho ni kipimo changu, na kama kazi yako ni ya Dodoma unaweza kupanda kidogo.

Chukua kipande hiki. Kwenye 00:04:12,400 mama anaanza sentensi, anamaliza sekunde sita baadaye. Tafsiri kamili inasomeka hivi: "Unajua, sisi hapa zamani tulikuwa tunaanika dagaa chini kwenye mchanga, na mnunuzi akija akaona mchanga, anashusha bei papo hapo." Kila neno liko sawa. Ni herufi 129 ukihesabu na nafasi, kwa sekunde sita, yaani zaidi ya 21 kwa sekunde. Hata bila hesabu, mistari miwili ya 42 hubeba herufi 84 tu.

Wengi wakifika hapa wanachukua mkasi. Mimi kwanza natafuta muda. Kwenye mchoro wa sauti, ule ambao programu ya manukuu ya Subtitle Edit huuonyesha chini ya orodha ya nukuu, naona kwamba baada ya neno la mwisho mama anavuta pumzi, na sentensi inayofuata haianzi mpaka 00:04:19,200. Nukuu inaweza kubaki kwenye skrini wakati yeye amenyamaza, hakuna anayeudhika. Naacha fremu mbili tupu kabla ya nukuu inayofuata ili jicho lione kwamba maandishi yamebadilika. Video hii ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu mbili ni milisekunde 80. Mwisho wangu unasogea hadi 00:04:19,120. Kutoka sekunde 6 nimepata 6.72, na kwa kasi ya 14 nafasi yangu ni herufi 94.

Sasa ndipo nakata. "Unajua" na "sisi hapa" vinaondoka bila kilio, kwa sababu sauti yake inasikika na uso wake unaonekana. "Chini kwenye mchanga" inakuwa "mchangani". "Akija akaona" inakuwa "akiona". Sikukata "tulikuwa" nikaandika "tulianika", ingawa ningeokoa herufi tisa: mama anaeleza mazoea ya miaka, si jambo la siku moja, na hoja yake yote imesimama kwenye mazoea hayo, kwa kuwa baadaye anaeleza jinsi walivyohamia kwenye vichanja. "Papo hapo" nayo inabaki. Ndipo anapopiga makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyonifanya nigawe sentensi vipande viwili badala ya kuijaza kwenye nukuu moja. Ikiwa nukuu moja, mtazamaji anasoma habari ya bei sekunde tatu kabla mama hajaitamka, na makofi yanakuja yamechelewa. Anamtaja mnunuzi karibu na 15,600, basi nimekata hapo:

```
87
00:04:12,400 --> 00:04:15,600
Zamani tulikuwa tukianika dagaa mchangani.

88
00:04:15,680 --> 00:04:19,120
Mnunuzi akiona mchanga,
anashusha bei papo hapo.
```

Nukuu ya 87 ina herufi 42 pamoja na nukta yake (imeingia kwa bahati) na inakaa sekunde 3.2, ambayo ni 13 na ushei kwa sekunde. Ya 88 ina herufi 47 kwa sekunde 3.44, chini kidogo ya 14. Angalia tu jinsi programu yako inavyohesabu nafasi kati ya maneno: nyingine zinaziruka, na faili ileile itaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Hesabu zangu zote hapa zinazijumlisha.

Mteja alipoiona alinipigia. "Kaka, mbona umekata maneno ya mama?" Nikamwomba aitazame mara moja bila kusimamisha, kisha aniambie mama alikuwa ameshika nini mkononi. Akajibu papo kwa papo: ungo. Nikamtumia kipande kilekile chenye sentensi ndefu, nikamwomba amwonyeshe mtu wa ofisini kwao ambaye hajawahi kuitazama video. Mtu yule aliyasoma yote, na ungo hakuuona kabisa. Jaribio hilo ninalipenda kuliko namba. Nukuu nzito huwa haimshindi msomaji waziwazi. Inamnyang'anya picha tu, naye atakwambia imesomeka vizuri. Anayejaribiwa asiwe anajua Kiganda, la sivyo sikio litamsaidia na hutapima kitu.

Mahali pa kukata mstari nako kuna jambo, ingawa programu nyingi zitakukatia zenyewe, na zitakata kwa urefu bila kujali maana. Nukuu moja ilitoka hivi: "Mvua ikinyesha siku mbili, bei ya" juu, na "dagaa wote inaanguka." chini. Jicho linafika mwisho wa mstari limebeba "bei ya" likiwa halijui ni bei ya nini. Nikashusha "bei ya dagaa wote inaanguka" kwa pamoja, mstari wa juu ukabaki mfupi, na haidhuru kitu. Kwa Kiswahili neno la uhusiano, ya, wa, cha, za, liende na linalolifuata. "Alikuwa" isiachwe juu huku "anauza" iko chini. Mahali pazuri pa kukata ni kabla ya "lakini", "ili", "kwa sababu" na "ambao", au baada ya mkato wa uandishi.

Mikato ya picha ni hadithi nyingine. Mhariri akihama kutoka usoni kwa mama kwenda kwenye vichanja, nukuu inayobaki ikining'inia fremu chache baada ya mkato hulifanya jicho lidhani maandishi ni mapya, lirudi kusoma. Kama mwisho wa nukuu uko karibu na mkato, nauvuta ukae juu ya mkato wenyewe, kasoro fremu mbili. Kama sentensi inavuka kwa kirefu, naiacha ivuke, tena kwa zaidi ya nusu sekunde.

Kilichonishinda kwenye mahojiano haya kiko dakika ya tisa. Mama anataja wanunuzi wanakotoka: Busia, Mbale, Gulu na Arua, yote kwa sekunde 2.1, na bila kupumua anaingia kwenye habari nyingine. "Wanunuzi wanatoka Busia, Mbale, Gulu na Arua." ni herufi 45, zaidi ya 21 kwa sekunde. Nukuu iliyotangulia imeshawataja wanunuzi, kwa hiyo nikaanza na "Wanatoka", nikabaki na 36. Bado ni 17. Jina la mji huwezi kulifupisha, na ukiacha Arua umemfuta mtu aliyesafiri kutoka upande wa pili wa nchi. Nyuma hakuna ukimya wa kukopa, mbele hakuna. Mtu wa Kampala atayapitia majina hayo kwa kuyatambua tu, wa Mwanza itabidi ayasome.

Basi nikamwandikia mhariri, kabla hajaifunga picha, nikamwomba nusu sekunde baada ya "Arua". Kwa 14, herufi 36 zinahitaji sekunde 2.6 hivi. Akaweka picha ya lori likipakiwa magunia pale, sauti ya mwalo ikiendelea chini yake, na nukuu ikakaa mpaka mwisho wa lori.