Mchezo wa kulinganisha methali na kisa: ni nini, na unachezwaje?

Huu ni mchezo wa kadi kwa darasa la tatu hadi la tano. Kadi moja ina methali, nyingine ina kisa kifupi cha maisha ya watoto. Kikundi cha wanafunzi wanne au watano hutafuta kadi zinazooana, kisha hueleza kwa nini wamezioanisha.

Walimu wengi huishia kwenye kukata methali vipande viwili ili watoto waviunganishe. Hiyo inafaa kuchangamsha darasa, lakini haipimi fikra. Anayesoma “Haba na haba” atachukua “hujaza kibaba” kwa kufuata mlio tu, hata kama hajawahi kuona kibaba cha kupimia nafaka. Kisa ndicho kinachomlazimisha afikiri.

Tuchukue methali mbili zinazofanana kwa sura: “Haba na haba hujaza kibaba” na “Bandu bandu huisha gogo.” Zote zinazungumzia kidogo kidogo, ila ya kwanza inajaza na ya pili inamaliza. Mwalimu aandae visa viwili. Neema anatia shilingi mia kwenye kopo kila Jumamosi mpaka anapata pesa za daftari. Musa kila akipita jikoni analamba kijiko kimoja cha sukari, na siku ya wageni mkebe ni mtupu. Wachezaji wakishaoanisha, mwalimu aulize: hapa gogo ni nini? Bandu ni nini? Anayejibu kwamba gogo ni sukari yote na bandu ni kijiko kimoja ameshika mantiki ya methali. Anayesema “kwa sababu Musa ni mwizi” ameona kosa, bado hajaona ulinganisho. Asikatizwe, aulizwe tena: ingekuwaje kama angelamba mara moja tu?

Kisha iletwe kadi ya tatu. Rehema ana hesabu thelathini za likizo, anafanya tano kila siku, na siku ya sita amemaliza. Wengi hukimbilia haba na haba kwa sababu Rehema ni mtoto mwema na Musa si mwema. Lakini hesabu zake zilikuwa zinapungua, kwa hiyo bandu bandu inamfaa vilevile, safari hii kwa kumsifu. Mwingine atasema alichojaza Rehema ni daftari. Naye ana hoja, na apewe nafasi ya kuitetea. Mimi huona hiki ndicho kipindi chenye thamani kuliko vyote, maana mtoto anatambua kwamba methali ileile huonya au husifu kutegemea kinachomalizwa.

Jozi tatu au nne zinatosha kwa kipindi kimoja. Zikizidi, watoto huanza kukisia. Kabla ya kengele, kila kikundi kitunge kisa chake kwa methali moja. Kikirudia kopo la Neema na kubadili jina tu, methali hiyo irudiwe kipindi kijacho kwa kisa kipya.