Kivimbe cha milimita 6 shingoni mwa mtu asiyeumwa

Mama mmoja alinijia na bahasha ya picha kwapani. Alikuwa amenunua kifurushi cha kupima mwili mzima kwa bei ya ofa, na ripoti ikasema ana kivimbe cha milimita 6 kwenye tezi ya shingo, yaani kama punje ya dengu. Hakuwa akiumwa popote, lakini tangu aisome ripoti ile alikuwa halali.

Nilimsimulia ya Korea Kusini. Mwaka 1999 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima saratani. Tezi ya shingo haikuwemo, ila hospitali ziliiuza kama nyongeza: ongeza dola 30 hadi 50, upitishiwe na altrasaundi shingoni. Kibiashara inaeleweka. Mashine imeshanunuliwa, kipimo ni cha dakika chache, na wasioumwa ni wengi kuliko wagonjwa. Tena kila doa linaloonekana huzaa kazi nyingine: sindano ya kuchukua sampuli, maabara, upasuaji, marudio.

Kufikia 2011, waliokuwa wakigunduliwa na saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo je? Vilibaki palepale. Kama kugundua mapema kungekuwa kunaokoa watu, vingeshuka.

Basi saratani zote hizo zilitoka wapi? Zilikuwepo siku zote. Mwaka 1985 watafiti wa Ufini walizikata vipande vyembamba tezi za maiti 101, na katika 36 wakakuta visaratani vidogo. Wenyewe walikufa kwa mambo mengine bila kujua wanavyo. Altrasaundi huviona vivimbe vya namna hiyo, lakini haiwezi kusema kipi kitakua na kipi kitalala hapo mpaka uzeeni.

Wakorea wengi waliogunduliwa walipasuliwa. Aliyetolewa tezi yote humeza kidonge kila siku maisha yake yote. Takriban 11 kati ya 100 waliharibikiwa tezi ndogo zinazotunza kalsiamu, na wawili hivi walipooza mshipa wa sauti. Na hapa ndipo ninapokereka: wengi wao walisimulia kwamba kipimo kiliwaokoa, na majirani zao wakaenda kununua kifurushi. Mwaka 2014 kundi la madaktari lilijitokeza hadharani kupinga, na katika mwaka mmoja upasuaji ukapungua kwa kama theluthi.

Mama yule nilimuuliza kama sauti imekwaruza, kama anakwama akimeza, kama utotoni alipigwa mionzi shingoni, kama kwao kuna aliyeugua saratani hiyo. Yote hapana. Nikampapasa shingo, tezi za pembeni hazikuvimba. Angejibu ndiyo hata mara moja, tungeongea mengine. Kivimbe kisichofika sentimita moja, chenye sura isiyotisha, kwa kawaida hatukichomi sindano. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza, "Sasa daktari, hii bahasha niiweke wapi?"