Kusoma picha ya boksi la breka umeme unapokatika ghafla

Jumamosi moja saa mbili usiku, mvua ikinyesha, mteja wangu mmoja wa Tabata alinitumia picha ya boksi lake la breka na ujumbe: "Fundi, umeme umekata ghafla, majirani wanao. Nipandishe ipi?" Nikamjibu: "Shikamoo mama. Usiguse kitu kwanza. Unasikia harufu ya kuungua?" Akasema hapana. Angesema ndiyo, ningemwambia asifungue hata mfuniko.

Picha yenyewe ilipigwa kutoka chini, mwanga wa flashi umejaa kwenye plastiki. Picha ya namna hiyo inadanganya, kwa sababu ukiitazama breka kutoka chini, kijiti kilichoanguka na kilichosimama vinafanana. Nikamwomba asimame juu ya stuli imara, simu iwe usawa wa boksi, flashi azime na mtu mwingine ammulikie tochi kwa pembeni.

Picha ya pili ilikuwa safi. Mimi huanza kwa kutazama safu nzima ya vijiti kama meno, nikitafuta jino lililotoka kwenye mstari. Kwenye breka nyingi zinazofungwa majumbani kwetu, ikijikata kijiti hushuka hadi chini. Zipo chache ambazo hubaki katikati, na hizo lazima uzishushe kabisa kwanza ndipo zikubali kupanda. Juu na chini navyo usiviamini peke yake, maana kuna boksi zilizofungwa kichwa chini. Tafuta alama: I ni imewaka, O ni imezimwa.

Kwa mama yule breka ndogo sita zote zilikuwa juu. Iliyoanguka ni ile pana ya kushoto, yenye kitufe kilichoandikwa T na maandishi 63A na 30mA. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Breka ndogo hujikata kwa mzigo uliozidi au shoti. Ile pana haijali mzigo: inalinganisha umeme unaoingia kwa waya wa laivu na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata. Kwa hiyo kuna mahali umeme ulikuwa unavujia ardhini. (Vijiti vyote vingekuwa juu na nyumba iko giza, ningemtuma akaangalie uniti kwenye mita ya LUKU.)

Sasa, lebo. Kwa kalamu, kutoka kushoto, fundi aliyenitangulia aliandika TAA, TAA, SOKETI, SOKETI, HITA, JIKO. Lakini breka zenyewe zilisomeka C32, C20, C20, C20, C10, C10. Nani anafunga taa kwenye breka ya ampia 32 na jiko la umeme kwenye ya 10? Aliandika akihesabu kutoka upande wa pili. Namba iliyochapwa kiwandani ikigombana na kalamu, mimi huifuata namba mpaka nipime, kwa hiyo nilimwambia mama azisome lebo kinyumenyume.

Nikamwelekeza kwa simu: mikono iwe mikavu, shusha zote sita, kisha pandisha ile pana. Ikakaa. Halafu pandisha ndogo moja moja kuanzia kulia, na baada ya kila moja hesabu hadi kumi. Taa zikawaka, soketi zikakaa. Alipopandisha ya pili kutoka kushoto, ile pana ikaanguka papo hapo. Kalamu ilisema TAA. Kwa hesabu yangu ilikuwa hita. Tukaiacha chini, nyingine zikarudi, friji likaendelea.

Njia hii ina tundu moja. Breka ndogo hizi hukata laivu tu, nyutro inabaki imeungwa. Nyutro ikigusana na ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, mahali fulani, ile pana inaweza kuanguka tena hata zote ndogo zikiwa chini, au ikae mpaka uwashe kitu kwenye laini nyingine kabisa, na ukailaumu laini isiyo na kosa. Hapo chomoa kila kitu kwenye soketi ujaribu tena. Ikigoma, ngoja fundi mwenye mita.

Asubuhi nilizima meni swichi, nikafungua hita na kupima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja. Kati ya elementi na ethi nilipata kiloomu 4 hivi, wakati kitu kizima kinapaswa kuzidi megaomu 1. Gawanya volti 230 kwa 4,000: miliampia 57.5, karibu mara mbili ya kiwango cha ile breka. Ganda la elementi lilikuwa limepasuka, maji yameingia. Mvua niliyoishuku usiku haikuhusika.

Nilibadilisha elementi, kisha nikapangusa ile kalamu kwa spiriti na kuandika upya, nikizima breka moja moja huku mama akipaza sauti kutoka jikoni kunitajia kilichozimika.