Ulifuta kwenye kompyuta moja, faili likatoweka kote: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mtu mwenye kompyuta mbili za Windows: mpakato anaotembea nao na nyingine ya mezani iliyobaki nyumbani. Zote zimeunganishwa na akaunti yake moja ya OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuweka mafaili kwenye wingu, yaani mtandaoni. Jumatatu asubuhi mpakato unamwonya kwamba diski imejaa. Anaona folda ya Ripoti imekula gigabaiti 12, anajisemea kwamba iko kwenye wingu hata hivyo, anaifuta. Mchana anaitafuta kwenye simu, haipo. Anaingia kwenye tovuti, haipo. Kompyuta ya mezani imezimwa tangu Ijumaa.

Mengi anayoyaamini saa hiyo si kweli, na mojawapo linaweza kumpotezea nakala nzima iliyokuwa bado salama.

Dhana: Nilifuta ya kwenye mpakato tu, ya kwenye wingu haihusiki.

Kazi ya programu ya kusawazisha ni kuhakikisha pande zote zinafanana. Kwake, kufuta ni badiliko kama kuandika aya mpya: likitokea upande mmoja, hupelekwa kwenye wingu, na wingu hulipeleka kwa kila kifaa kilichoingia kwenye akaunti hiyo. Windows yenyewe huonyesha ujumbe usemao "Deleted files are removed everywhere", ila wengi wetu tumezoea kubofya OK kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi.

Alichokuwa anakitaka mtu wetu kipo, lakini hakiitwi kufuta. Ukibofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua Free up space, yaliyomo huondoka kwenye diski huku majina ya mafaili yakibaki palepale yakiwa na alama ya wingu. Ukilifungua faili, linapakuliwa upya.

Kuna ndugu wa kosa hili ambaye ni mjanja zaidi: "Mimi sikufuta, nilihamisha tu." Ukiburuta folda kutoka ndani ya OneDrive hadi mahali pengine kwenye diski hiyohiyo, Windows huihamisha, hainakili. Wingu linaona kitu kimeondoka, na vifaa vingine navyo vinakiondoa.

Dhana: Kama haipo kwenye simu wala kwenye tovuti, basi imekwisha.

Haipo kwenye orodha ya mafaili, lakini huko kwenye tovuti kuna pipa ambalo simu haikuonyeshi mpaka ulitafute. Ingia onedrive.com, na kwenye menyu ya pembeni fungua Recycle bin. Panga orodha kwa tarehe ya kufutwa ili vya leo vije juu, chagua Ripoti, kisha bofya Restore. Folda inarudi mahali ilipokuwa, na baada ya muda inajitokeza tena kwenye vifaa vyote, kwa sababu kurejesha nako ni badiliko linalosambazwa.

Kuna pia pipa la Windows kwenye mpakato wenyewe, na mara nyingi faili litaonekana humo. Mimi huanza na la kwenye tovuti kwa sababu mbili. Mafaili yaliyokuwa na alama ya wingu hayakuwa na yaliyomo kwenye diski, kwa hiyo pipa la Windows halina cha kukurudishia. Na faili linalorejeshwa kutoka tovutini hurudi na matoleo yake ya zamani, ilhali linalopakiwa upya kutoka kwenye diski linaweza kuhesabiwa kuwa faili jipya lisilo na historia.

Kama folda ni ya mtu mwingine aliyekushirikisha, usihangaike na pipa lako. Mwenye folda ndiye atazame lake.

Dhana: Kuna siku 30, nitashughulikia wikendi.

Siku 30 ni kikomo cha juu kwa akaunti binafsi ya OneDrive, wala si ahadi. Pipa likijaa, vilivyokaa humo muda mrefu zaidi vinaweza kuondolewa baada ya siku tatu tu. Mtu aliyefuta gigabaiti 12 kwa mkupuo, kisha akaendelea kufuta vingine ili kupata nafasi, ana sababu ya kutosubiri. Kuna pia hatari ya kumwaga pipa kwa mkono wako mwenyewe, na mtu mwenye diski iliyojaa yuko kwenye ari hiyohiyo ya kusafisha.

Akaunti za kazini na shuleni za OneDrive hupewa siku 93. Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye tupio kwa siku 30, na Dropbox ya bure nayo huvihifadhi siku 30.

Dhana: Niwashe haraka ile ya mezani nione kama bado iko.

Hapa ndipo watu hupoteza nakala iliyokuwa mikononi mwao. Kompyuta iliyozimwa tangu Ijumaa haijasikia habari za Jumatatu. Diski yake bado ina Ripoti kama ilivyokuwa. Ukiiwasha ikiwa na intaneti, OneDrive huanza yenyewe, huuliza wingu kuna nini kipya, na jibu ni kwamba Ripoti imefutwa. Folda inaweza kutoweka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo, kata intaneti kabla ya kubonyeza swichi: chomoa waya wa mtandao, au zima ruta kama kompyuta hutumia Wi-Fi. Iwashe, fungua Ripoti na utazame alama. Tiki ya kijani maana yake yaliyomo yako kwenye diski. Alama ya wingu maana yake kuna jina tu, na bila intaneti halifunguki. Yenye tiki yanakili kwenda kwenye diski ya nje au flashi. Tumia Ctrl+C na Ctrl+V, usikate wala kuburuta. Fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye flashi kuhakikisha yanasomeka, kisha ndipo uirudishe kompyuta mtandaoni.

Ikiwa pipa la tovutini lina kila kitu, hutaihitaji nakala hiyo. Lakini fanya hivyo hata kama unadhani pipa linatosha.

Dhana: Programu ya kufufua mafaili italirudisha.

Labda, kama kompyuta ina diski ya zamani inayozunguka na hujaandika kitu juu yake. Diski nyingi za SSD hufuta haraka maeneo yaliyoachwa wazi, na programu haitakuta kitu. Faili lililokuwa na alama ya wingu, programu haina pa kulitafuta kabisa.

Dhana: Bora kurudisha OneDrive nzima nyuma.

Wenye usajili wa Microsoft 365 wana Restore your OneDrive kwenye mipangilio, inayorudisha hali ya siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Inafaa pale mafaili mengi yalipoharibiwa kutoka folda tofautitofauti. Kwa folda moja ni rungu la kuulia mbu, kwa sababu inatengua pia ulichokifanya baadaye kwenye mafaili mengine.

Dhana: Ripoti imeonekana tena, kazi imeisha.

Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, na ulinganishe idadi ya mafaili na ile ya nakala uliyoiweka kwenye flashi. Pungufu likiwepo, rudi kwenye pipa la tovutini na utazame safu ya mahali faili lilipotoka, maana huenda kuna vilivyofutwa kimojakimoja kabla ya folda yenyewe. Hesabu ikilingana, diski ya mpakato bado imejaa kama asubuhi. Safari hii chagua Free up space.