Paa la ghala la tumbaku: chama kitenge kiasi gani kila msimu?

Katika mahesabu ya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku mkoani Tabora, mstari wa uchakavu wa ghala haukosekani. Wanachama wengi wakiuona huamini kwamba fedha hizo zimewekwa mahali. Mara nyingi hazipo. Uchakavu ni kugawa gharama ya zamani kwa miaka ya matumizi. Unapunguza ziada kwenye karatasi, lakini hauhamishi hata shilingi moja kwenda benki. Tena unatokana na bei ya bati ya mwaka ghala lilipojengwa, ilhali muuza bati atadai bei ya siku mtakapomwendea. Ndiyo maana chama kisichotaka kukopa kinahitaji mfuko wa paa wenye akaunti yake, na kiwango cha kuchangia kinachotokana na gharama ya kazi nzima na miaka iliyobaki.

Miaka iliyobaki hupatikana kwa kukagua paa lenyewe. Ingieni ghalani saa sita mchana, fungeni milango, tazameni juu. Vitundu vya mwanga vikiwa kwenye misumari tu, huenda kinachohitajika ni misumari mipya na mipira yake, kazi ya gharama ndogo. Lakini kutu nyekundu ikiwa imetambaa pale bati linapolalia bati jingine, zinki imekwisha na miaka iliyobaki ni michache. Kisha chokonoeni kwa bisibisi ncha za kenchi zinazokaa ukutani, maana mchwa hupandia humo. Mbao zikiwa zimeliwa, makadirio ya bati na misumari peke yake yatawadanganya.

Tuchukue mfano wa chama cha Urambo. Fundi amekadiria bati, kofia, sehemu ya mbao, usafiri na ufundi kuwa shilingi milioni 24 kwa bei ya leo, na paa limebakiza miaka 8. Hesabu ya haraka ni kugawa: milioni 3 kwa mwaka. Kosa lake ni kwamba milioni 24 ni bei ya leo. Tukichukulia bei kupanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kazi hiyohiyo baada ya miaka 8 itafika karibu milioni 35.46. Chama kilichogawa kwa haraka kitakuwa kimeweka milioni 24 na riba kidogo, na paa litabaki nusunusu.

Riba nayo inasaidia. Fedha zikikaa kwenye akaunti ya muda maalumu inayobakiza asilimia 6 kwa mwaka baada ya kodi na makato, mchango wa mwaka hupatikana hivi:

```
A = F × r / ((1 + r)^n − 1)
```

F ni gharama ya baadaye, r ni riba, n ni miaka. Kwa 35,460,000, 0.06 na 8, jibu ni karibu milioni 3.58. Kwenye Excel andikeni:

```
=PMT(0.06,8,0,-35460000)
```

Chama kikiuza kilo 180,000 kwa msimu, hiyo ni kama shilingi 20 kwa kilo, kiwango ambacho mkutano mkuu unaweza kukijadili na kukipitisha. Ila shilingi kwa kilo ina udhaifu wake: mvua ikikatika na mauzo yakashuka hadi kilo 120,000, mfuko unapata milioni 2.4 tu. Ushauri wangu ni kugawa kwa kilo za msimu wa kawaida, si msimu mliovunja rekodi, na pengo la mwaka mbaya liandikwe kwenye muhtasari ili lilipwe msimu unaofuata.

Hesabu hii irudiwe kila mwaka baada ya ukaguzi wa paa. Tuseme miaka 3 imepita, mfuko una milioni 11.46, na fundi anasema paa halitafika miaka 5 iliyokuwa imebaki, lina 4. Gharama baada ya miaka hiyo 4 ni karibu milioni 33.77. Fedha zilizopo zitakua hadi milioni 14.47, pengo ni milioni 19.3, na mchango unapanda hadi milioni 4.41 kwa mwaka, yaani kama shilingi 25 kwa kilo. Kuongeza shilingi 5 sasa kunawezekana. Pengo hilohilo likigundulika mwaka wa mwisho, itabidi kukopa.

Limebaki suala la tarehe. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida Novemba, na wakati wa masoko ghala limejaa marobota ambayo yakilowa huota ukungu na kushuka daraja. Nafasi ya kufumua paa ni Septemba na Oktoba. Amana ya mwaka wa mwisho iive Agosti, na kwa kuwa malipo ya tumbaku yanaweza kuchelewa, msitegemee makato ya msimu huo kununua bati: ongezeni kidogo kila mwaka ili mfuko utimie msimu mmoja kabla.